Programu zilizohamishiwa memori kadi zinapokwama au kutoweka: maswali ya wateja wangu wa Busia

Ninatengeneza simu Busia, upande wa Uganda. Wateja wangu wengi ni watu wa mpakani. Asubuhi wako huku na laini ya MTN au Airtel, mchana wamevuka kwenda Busia ya Kenya na kuweka ya Safaricom. Simu zao nyingi zina nafasi ndogo ya ndani, gigabaiti 16 au 32, kwa hiyo wamenunua memori kadi na kuhamishia programu huko. Tabia hizi mbili zikikutana ndipo matatizo yanapozaliwa. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa kila mara, na majibu nimeyaandika kwa urefu, maana jibu la mkato ndilo linalowafanya watu wabonyeze kitufe kibaya.

Nimebadilisha laini mpakani, kisha nikakuta programu kadhaa hazipo. Zimefutika?

Mara nyingi hazijafutika. Programu iliyohamishiwa kadi inaishi kwenye kadi, na simu imebaki na jina lake tu kwenye orodha. Kadi ikitoka, simu haina tena mahali pa kusoma programu hiyo. Picha yake inafifia na kuwa ya kijivu, au inageuka kuwa kile kiroboti cha Android, au inaondoka kabisa kwenye skrini ya mwanzo. Ukiigusa unaambiwa haijasakinishwa.

Kabla ya kufanya lolote, zima simu, toa trei, hakikisha kadi imekaa sawasawa, irudishe, kisha washa. Baada ya simu kuwaka, usikimbilie kuangalia. Simu huonyesha skrini ya mwanzo kabla haijamaliza kuisoma kadi, na kadi ikiwa kubwa na ya polepole unaweza kungoja dakika moja au mbili. Nimeona watu wakifuta programu katika muda huo huo wa kungoja, wakidhani imeharibika, ilhali ingerudi yenyewe.

Programu ikirudi lakini picha yake haipo kwenye skrini ya mwanzo, ifungue kutoka kwenye orodha ya programu zote. Skrini ya mwanzo huwa inasahau picha za programu zilizokosekana, na kuirudisha picha ni kazi ya kuibonyeza kwa muda na kuiburuta.

Usisakinishe upya na usifute ile ya kijivu mpaka umejaribu hayo. Kufuta programu kunafuta na kumbukumbu zake.

Lakini mimi sikugusa kadi. Nilibadilisha laini tu.

Angalia trei yako. Kwenye simu nyingi za laini mbili, memori kadi inakaa kwenye trei ileile ya laini. Kuna trei ambazo nafasi ya pili ni ya laini au kadi, unachagua moja. Kuna nyingine zenye nafasi tatu, laini mbili na kadi, na watu wakiona ile ya nafasi tatu wanadhani wako salama. Hawako. Ukiingiza pini na kuvuta trei, vyote vilivyo juu yake vinatoka pamoja. Kwa simu, kubadilisha laini na kuchomoa kadi ni tukio moja.

Na tukio hilo likitokea simu ikiwa imewaka, Android inafanya jambo ambalo wengi hawalijui: inazima papo hapo kila programu iliyokuwa ikitumia kadi. Haiiulizi kama imemaliza kuandika. Programu iliyokuwa katikati ya kuhifadhi hesabu zako inakatwa hapo hapo, na faili lake linaweza kubaki nusu.

Kwa hiyo mtu anayebadilisha laini mpakani azime simu kwanza, kila mara. Kama hutaki kuzima, ingia `Settings`, kisha `Storage`, gusa jina la kadi na uchague `Eject`, au `Unmount` kwenye simu nyingine, kabla ya kuchukua pini. Hapo programu za kwenye kadi zitafungwa, lakini kadi itaachwa ikiwa imemaliza kuandika.

Nitajuaje programu zangu zimehamishwa kwa njia gani? Fundi mwingine aliniambia kuna njia mbili.

Alisema kweli, na tofauti yake ndiyo inayoamua utapoteza nini kadi ikiharibika.

Njia ya zamani ilikuja na Android 2.2 mwaka 2010. Kadi inabaki kadi ya kawaida, ukiitia kwenye kompyuta unaona picha na nyimbo zako. Kinachohamia kwenye kadi ni faili la programu yenyewe, likiwa limefungwa kwa ufunguo wa simu yako ndani ya folda iliyofichwa. Kumbukumbu zako, yaani majina, hesabu na mipangilio, zinabaki ndani ya simu. Njia hii bado ipo kwenye simu nyingi za Samsung zenye nafasi ya kadi.

Njia ya pili ilikuja na Android 6.0 mwaka 2015. Hapo simu inaichukua kadi nzima na kuifanya sehemu ya hifadhi yake ya ndani. Inaifomati upya na kuifunga yote kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya simu hiyo. Programu ikihamia huko inahama na kumbukumbu zake zote. Ukiitia kadi hiyo kwenye kompyuta au simu nyingine, haisomeki, na utaambiwa uifomati.

Kujua uko upande gani, fungua `Settings`, `Storage`, ugeukie kadi. Kama siku ya kwanza ulichagua `Internal storage`, uko njia ya pili. Kama ulichagua `Portable storage`, kadi yako ni ya kawaida. Aliye na waya na kompyuta yenye adb, na amewasha `USB debugging` kwenye simu, anaweza kuiuliza simu yenyewe:

```
adb shell pm list packages -f
```

Mstari wenye `/mnt/expand/` ni wa programu iliyo kwenye kadi kwa njia ya pili. Wenye `/mnt/asec/` ni wa njia ya zamani. Wenye `/data/app/` uko ndani ya simu, na huo kadi haiugusi.

Simu inaniletea kitufe cha `Forget`. Nibonyeze?

Hapana. Nakuomba sana, hapana.

Kitufe hicho unakikuta ukigusa jina la kadi iliyokosekana ndani ya `Storage`. Kinamaanisha kwamba hutaiona tena kadi hiyo, na simu inatupa ufunguo wake. Ukishautupa, hata ukiipata kadi ikiwa nzima kabisa, hakuna fundi wa Busia wala wa Kampala atakayeifungua. Data iko pale, imefungwa, na ufunguo haupo duniani. Wateja walioniumiza moyo zaidi ni waliokuja na kadi nzima mkononi baada ya kubonyeza hapo.

Kitufe cha `Format` nacho ni hivyo hivyo. Simu ikisema kadi imeharibika, kwanza jaribu hatua za kuzima, kusafisha na kurudisha. Kufomati ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya kukubali kwamba yaliyomo yamekwenda.

Kurudisha simu katika hali ya kiwandani kunaua ufunguo pia. Mtu anayetaka kufuta simu yake aanze kwa kurudisha programu zote na picha zote kutoka kwenye kadi.

Toa mfano wa mtu aliyeokoa vitu vyake. Mlifanya nini hasa?

Kuna mama mmoja anayeuza dagaa, anavuka nao kila wiki. Madeni ya wateja wake yote yamo kwenye programu ya daftari la biashara. Simu yake ina gigabaiti 16, na kijana wa jirani alimwekea kadi kwa njia ya pili, akahamishia daftari huko. Akiwa mpakani alivuta trei simu ikiwa imewaka, akaweka laini ya Kenya, akarudisha trei haraka kwa sababu gari lilikuwa linangoja. Daftari likawa la kijivu. Jioni alikuja kwangu.

“Fundi, madeni ya watu yamepotea,” akaniambia. “Shemeji anasema nifute niweke upya.”

“Umefuta, mama?”

“Bado.”

“Basi usiguse. Nipe hiyo simu tuizime.”

Trei ilipotoka niliona kadi imesogea, pembe moja imepanda juu ya ukingo wa trei. Trei hizi ni nyembamba. Kadi isipolala bapa, miguu ya simu haigusi vile vipande vya rangi ya dhahabu vilivyo chini yake, au inagusa vichache tu. Nilivifuta kwa kitambaa kikavu, bila maji na bila kukwaruza, nikailaza kadi, nikaibana kwa kidole huku nikisukuma trei taratibu, skrini ikiangalia juu ili kadi isidondoke njiani. Tukawasha na kungoja. Daftari likarudisha rangi yake.

Hapo watu wengi wangeshukuru na kuondoka, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu kadi iliyotoka vibaya mara moja itatoka tena. Kwanza tulifungua daftari tukatoa nakala ya madeni yote kwa kitufe chake cha kutuma faili, tukaituma kwa WhatsApp kwenda kwenye simu ya binti yake. Sikugusa kitu kingine kabla nakala hiyo haijafika upande wa pili.

Pili, tulitafuta nafasi ndani ya simu. Video za kutumiwa na vikundi zilikuwa zimejaa. Alizipitia mwenyewe na kufuta alizokuwa hazitaki. Tatu, tuliingia `Settings`, `Apps`, jina la daftari, `Storage`, `Change`, tukachagua hifadhi ya ndani na kubonyeza `Move`. Simu inasema usitoe kadi wakati huo, nawe uitii: kukatika hapo katikati ni kubaya kuliko kukatika mpakani. Angalia na chaji, isiwe chini ya nusu.

Daftari lilipofunguka likiwa ndani ya simu, na madeni yakiwa sawa na ile nakala, ndipo tulipotoa programu nyingine zilizobaki kwenye kadi, moja moja, kisha picha. Kadi ilipokuwa tupu tuliifomati kuwa `Portable storage`. Sasa inabeba picha na nyimbo. Mama anavuka, anabadilisha laini, na trei ikitoka kinachokosekana kwa muda ni picha tu.

Mpangilio huo ndio wa kuushika: nakala kwanza, nafasi pili, kuhamisha tatu, kufomati mwisho. Ukianza na kufomati, hayo mengine hayana tena cha kuokoa.

Kadi yangu haijatoka. Programu haipotei ila inaganda, halafu naambiwa haijibu. Tatizo ni nini?

Hapo shaka yangu ya kwanza ni kadi ya polepole. Android humpa mtu ule ujumbe wa “isn’t responding” programu ikishindwa kuitikia mguso kwa sekunde 5. Si lazima programu iwe mbovu. Inawezekana imeomba kitu kwenye kadi na bado inangoja.

Programu haisomwi yote mara moja inapofunguliwa. Simu inasoma vipande vidogo vidogo kadiri vinavyohitajika, mara nyingi vya kilobaiti 4, kutoka huku na kule. Ukibonyeza ukurasa mpya wa daftari, kipande kingine kinaombwa. Na daftari likihifadhi deni moja, halikubali kuendelea mpaka kadi ithibitishe kwamba imeandika kweli. Kadi nzuri kwa video inaweza kuwa dhaifu sana kwa kazi hii, kwa sababu video ni faili moja refu linaloandikwa mfululizo, na programu ni vipande elfu vilivyotawanyika.

Kadi ikichelewa, programu inaganda. Kadi ikishindwa kabisa kutoa kipande kilichoombwa, programu haigandi, inafungwa papo hapo bila kungoja. Tofauti hiyo inanisaidia sana mezani. Inayoganda kisha ikaendelea ukibonyeza `Wait`, kadi ni ya polepole. Inayojifunga mara tu unapofika ukurasa fulani, kila siku palepale, huenda kadi ina sehemu iliyokufa. Na zikipotea zote kwa pamoja, hasa simu ikitikisika kwenye boda, kadi imelegea kwenye trei.

Kuthibitisha, rudisha programu moja tu ndani ya simu na uitumie siku nzima. Ikitulia huku zile za kwenye kadi zikiendelea kuganda, umeshampata mkosaji. Ikiendelea kuganda hata ikiwa ndani, basi kadi haina kosa. Tafuta sababu kwenye programu yenyewe au kwenye hifadhi ya ndani iliyojaa.

Kadi yangu imeandikwa 10 ndani ya duara. Si ndiyo ya kasi?

Ni ya kasi kwa video. Ile 10 inaahidi kuandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde mfululizo, haisemi lolote kuhusu vile vipande vidogo.

Alama ya kutafuta ni A1 au A2. Hizi ziliwekwa kwa ajili ya programu hasa. A1, ya mwaka 2016, inaahidi angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande vidogo kwa sekunde. Piga hesabu: uandishi 500 wa kilobaiti 4 ni kama megabaiti 2 kwa sekunde. Si nyingi, lakini kuna kadi zisizo na alama hiyo ambazo hazifiki hata hapo. A2 inaahidi 4,000 na 2,000, ila inahitaji simu inayojua kuitumia. Kwenye simu nyingi ambazo watu wananiletea hapa, sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya A2. A1 ya kweli inatosha.

Nasema ya kweli, kwa sababu alama kuchapishwa juu ya kadi ni wino tu.

Nitajuaje kadi ni feki?

Kadi feki ya kawaida ina nafasi ndogo na imefundishwa kudanganya. Inaiambia simu kwamba ni gigabaiti 128, kumbe ndani ni 8. Wiki za mwanzo inafanya kazi vizuri. Ukishapita nafasi yake halisi, inaandika juu ya vitu vya zamani au inatupa vipya, na haisemi kitu. Picha za nyuma zinageuka kijivu, na programu zilizokuwa zinafunguka zinaanza kujifunga. Mwenye simu analaumu programu aliyosakinisha jana, kwa sababu ndiyo iliyojaza kadi.

Njia ya uhakika ni kuijaza kadi yote kisha kuisoma tena. Kwenye kompyuta ya Windows tunatumia H2testw. Kwenye Linux ni F3:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Badilisha `/media/kadi` uweke mahali kadi yako ilipofunguka. Amri ya pili itakuambia ni kiasi gani kimesomeka sawa na kiasi gani kimepotea. Kadi kubwa inachukua saa kadhaa, kwa hiyo ngoja siku yenye umeme wa kuaminika. Jambo moja la kukumbuka: kadi iliyochukuliwa na simu kwa njia ya pili haiwezi kupimwa hivi mpaka iwe imefomatiwa upya. Ndiyo maana nawashauri watu waipime siku waliyoinunua, kabla haijabeba kitu, na wakiwa bado wanakumbuka duka.

Tangu nihamishe programu ya kengele, haiamshi. Nayo kibodi yangu ya Kiswahili hurudi ile ya kiwandani. Kwa nini?

Kuna programu ambazo hazifai kwenye kadi hata kadi ikiwa bora kuliko zote, na mwongozo wa Android kwa watengenezaji wa programu unalisema hilo wazi. Kadi ikitoka, kengele zote zilizopangwa na programu iliyo kwenye kadi zinafutwa. Kadi ikirudi, hazirudi zenyewe, lazima programu izipange upya. Kibodi inabadilishwa na ile ya simu, wijeti zinaondolewa kwenye skrini ya mwanzo, na picha hai ya ukutani inarudi kuwa ya kawaida.

Kuna kisa kingine kinachotokea hata bila kugusa trei. Simu ikimaliza kuwaka hutangaza kwa programu zote kwamba imewaka, na kengele nyingi hutegemea tangazo hilo ili zijipange. Kwenye njia ya zamani tangazo hutolewa kabla kadi haijafunguliwa, kwa hiyo programu iliyo kwenye kadi hailisikii. Simu ikizimika usiku kwa kuisha chaji, ukaiwasha na kulala, kengele ya alfajiri inaweza isilie. Kwa mtu anayekumbushwa dawa na simu, hili ni jambo zito. Kengele, kikumbusho cha dawa, kibodi na wijeti: viweke ndani ya simu.

Programu ya pesa ilikuwa kwenye kadi na kadi imepotea. Pesa zangu je?

Pesa zako hazikuwa kwenye kadi wala kwenye simu. Ziko kwenye akaunti ya mtandao wako. Piga *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel uangalie salio, kwa simu yoyote yenye laini yako. Programu utaisakinisha upya ndani ya simu na kuingia tena.

Mbona programu nyingine hazina kitufe cha `Change`?

Ama mtengenezaji wa programu hakuruhusu ihamishwe, ama mtengenezaji wa simu ameiondoa njia hiyo. Programu zilizokuja na simu nazo hazihami. Kuna mipangilio ya watengenezaji wa programu, `Developer options`, yenye swichi ya kulazimisha, inayoitwa `Force allow apps on external`, na vijana wanapenda kuiwasha. Mimi siipendi. Aliyekataza programu yake isihame mara nyingi alijua kwamba inahitaji kengele au wijeti, na ukiilazimisha unanunua matatizo niliyoyaeleza hapo juu.

Ikitokea pia kwamba programu uliyoihamisha imerudi ndani yenyewe baada ya kusasishwa, simu haijaharibika. Programu nyingi hufanya hivyo.

Basi niweke nini kwenye kadi?

Picha, video, nyimbo, mahubiri, vitabu, ramani unazotumia bila intaneti. Hivi kadi ikitoka vinakosekana na ikirudi vinarudi, hakuna kinachokatwa katikati. Kama lazima uhamishe programu, hamisha michezo mikubwa, ambayo ndiyo inayokula nafasi kweli na ambayo ukiipoteza utalipia bando tu kuipakua upya.

Kwa anayevuka mpaka na kubadilisha laini, msimamo wangu ni mkali zaidi: usihamishe programu hata moja. Ukiona nafasi ya ndani haitoshi hata baada ya kufuta video, pesa ya kadi kubwa ianze kuwekwa kwa ajili ya simu yenye hifadhi kubwa ya ndani.

Nimenunua simu mpya. Nikiitia kadi yangu ya zamani humo, programu zitafunguka?

Hazitafunguka, kwa njia yoyote kati ya zile mbili, kwa sababu ufunguo umebaki kwenye simu ya zamani. Picha za kadi ya kawaida utaziona. Kadi ya njia ya pili simu mpya itaomba kuifomati, nawe ukatae. Irudishe kwenye simu ya zamani, hamisha kila kitu kuja ndani ya simu hiyo au kwenye kompyuta, hakikisha faili zinafunguka, ndipo kadi ihamie simu mpya ikiwa tupu. Kwa hiyo simu ya zamani usiiuze wala kuifuta mpaka kazi hii imekwisha, hata kama kioo chake kimepasuka. Simu yenye kioo kilichopasuka ninaweza kuiwasha na kuiunganisha na skrini nyingine kwa muda.